Urari Ukigoma Kulingana: Mafunzo Niliyopata Bariadi Kuhusu Akaunti ya Saspensi

Bariadi ndiyo makao makuu ya Mkoa wa Simiyu tangu mkoa huu ulipoanzishwa mwaka 2012, na biashara nyingi hapa hufuata mwendo wa pamba. Mwenye duka la pembejeo hukopesha mbegu, viuatilifu na bomba za kupulizia wakati wa kilimo, kisha husubiri wakulima wauze pamba yao kupitia AMCOS, kuanzia karibu na mwezi Mei. Kwa hiyo Juni ni mwezi wa madeni kulipwa, mizigo mipya kuagizwa na vitabu kufungwa, vyote kwa pamoja. Ni mwezi ambao makosa ya kuandika huwa mengi.

Nimetunza vitabu vya maduka ya aina hiyo huku nikisoma jioni kwa ajili ya mtihani wa cheti cha uhasibu. Baadaye nimekaa na wenzangu wanaojiandaa na mitihani ya ngazi ya ufundi, ATEC, ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA. Mada inayowasumbua zaidi ni ile ya urari usiolingana na akaunti ya saspensi. Wengi hukariri maingizo ya kusahihisha, na swali likibadilishwa kidogo wanakwama. Haya hapa ndiyo niliyojifunza, nikiyapitisha kwenye mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Mfano nimeutunga mwenyewe ili namba ziwe rahisi, lakini kila kosa lililomo ni la aina ninayokutana nayo vitabuni.

1. Urari hujibu swali moja tu

Urari, au trayo balansi kama tunavyosema darasani, ni orodha ya salio za akaunti zote za leja katika siku moja. Salio za debiti zinakaa safu moja, za krediti safu nyingine, na jumla zinalinganishwa. Swali unalojibu ni hili: je, kilichoingizwa debiti ni sawa na kilichoingizwa krediti? Basi.

Urari haujui kama deni limeandikwa kwa mteja asiyehusika. Haujui kama risiti ilisahaulika mfukoni mwa shati, wala kama gharama ya matengenezo imeandikwa kana kwamba ni mali mpya. Mambo hayo yote yanaweza kuwepo na jumla mbili zikalingana vizuri kabisa.

Ndiyo maana makosa yamegawanyika katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni yale yaliyogusa upande mmoja tu, au yaliyogusa pande mbili kwa viasi tofauti. Haya ndiyo yanayovunja urari. Kundi la pili ni yale ambayo debiti na krediti zote zimekosewa kwa kiasi kilekile, au zimekaa sawa ila ndani ya akaunti isiyostahili, au hazikuandikwa kabisa. Haya urari hauyaoni. Ukishika mgawanyo huu, kila kitu kinachofuata ni matumizi yake tu.

2. Tofauti ndogo haimaanishi kwamba kosa ni dogo

Chukua duka la pembejeo la Bariadi lililomaliza mwaka wake wa kwanza tarehe 30 Juni 2024. Kwa kuwa ni mwaka wa kwanza, hakuna bidhaa za kuanzia. Mtunza vitabu ametoa urari huu, kwa shilingi:

| Akaunti | Debiti | Krediti |
|---|---|---|
| Pikipiki ya mizigo | 3,180,000 | |
| Benki | 2,460,000 | |
| Wadaiwa | 1,900,000 | |
| Manunuzi | 14,200,000 | |
| Kodi ya pango | 540,000 | |
| Mishahara | 1,800,000 | |
| Usafirishaji | 615,000 | |
| Matumizi binafsi ya mwenye duka | 600,000 | |
| Mauzo | | 18,400,000 |
| Wadai | | 2,150,000 |
| Mtaji | | 4,765,000 |
| Jumla | 25,295,000 | 25,315,000 |

Krediti imezidi debiti kwa 20,000. Katika duka lenye mauzo ya zaidi ya milioni 18, mtu anaweza kusema hiyo ni hela ya kuku mmoja, tuiache. Lakini 20,000 ni kile kilichobaki baada ya makosa kuvutana, mengine yakisukuma huku na mengine kule. Katika mfano huu, kama utakavyoona, makosa yaliyovunja urari yana jumla ya shilingi 400,000, na juu yake kuna mengine ambayo hayamo kabisa ndani ya hiyo 20,000.

Chanzo kisipopatikana haraka, tofauti hiyo huwekwa kwenye akaunti ya saspensi, upande uliopungukiwa. Hapa debiti ndiyo pungufu, kwa hiyo saspensi inafunguliwa kwa debiti ya 20,000, na urari unasimama kwenye 25,315,000 pande zote mbili. Katika mtihani, hapa ndipo alama za kwanza hupotea: mtu anaona krediti ni kubwa, anaandika saspensi krediti, na tofauti inakuwa 40,000. Kanuni ni nyepesi: saspensi inajaza upande mdogo.

Kumbuka pia kwamba ingizo hilo la kufungulia halina mwenzake. Ni la muda, limewekwa ili kazi iendelee huku makosa yakitafutwa. Makosa yaliyovunja urari, yakipatikana baadaye, ndiyo yatakayoleta mwenzake.

3. Tafuta kwa mpangilio, na ujue hila za namba zinaishia wapi

Mtunza vitabu mzuri hakimbilii saspensi kabla hajatafuta. Mpangilio ninaoufuata unaanzia mwisho na kurudi mwanzo. Kwanza ninajumlisha upya safu mbili za urari wenyewe. Pili ninalinganisha kila salio la urari na salio la leja, nikiangalia kama kuna akaunti iliyorukwa au iliyowekwa safu ya upande mwingine. Tatu ninakokotoa upya salio za leja. Nne ninajumlisha upya majarida ya mauzo na manunuzi. Mwisho kabisa ndipo ninaweka vema kwenye kila ingizo lililopostiwa, moja baada ya jingine. Mpangilio huu unaokoa muda kwa sababu kazi nyepesi zinatangulia, na makosa mengi hupatikana kabla ya kufika kwenye ile nzito.

Kuna hila mbili za namba zinazosaidia. Gawanya tofauti kwa 2, kisha tafuta kiasi hicho vitabuni. Ingizo lililowekwa upande wa kinyume huleta tofauti mara mbili ya kiasi chake: 85,000 ikiingia krediti badala ya debiti, urari unapishana kwa 170,000. Hila ya pili ni kugawanya kwa 9. Tarakimu mbili zilizopishana nafasi, kama 450,000 kuandikwa 540,000, huleta tofauti inayogawanyika kwa 9 bila baki: 90,000 kwa 9 ni 10,000.

Sasa zijaribu kwenye 20,000 yetu. Nusu yake ni 10,000, na hakuna ingizo la kiasi hicho. Ukigawanya kwa 9 unapata 2,222 na baki. Je, maana yake hakuna kosa la upande wa kinyume wala tarakimu zilizopishana? Hapana, yote mawili yamo. Hila hizi hufanya kazi pale kosa linapokuwa moja. Makosa yakiwa kadhaa, tofauti inakuwa mchanganyiko, na alama ya kila kosa inafutika. Hila zikishindwa, usihitimishe kwamba vitabu ni safi. Rudi kwenye kuweka vema ingizo kwa ingizo.

4. Swali la kwanza kwa kila kosa: je, limevunja urari?

Baada ya kupitia vitabu vya duka letu, yamepatikana mambo saba:

a) Jumla ya jarida la mauzo ya mkopo ilipungua kwa 100,000. Akaunti za wateja ziliandikwa sawasawa.

b) Kodi ya pango ya 450,000 iliandikwa sawa kwenye daftari la fedha, lakini ilipostiwa kwenye akaunti ya kodi kama 540,000.

c) Malipo ya 85,000 ya kusafirisha mzigo kutoka Mwanza yaliandikwa sawa kwenye daftari la fedha, lakini yalipostiwa upande wa krediti wa akaunti ya usafirishaji.

d) Salio la fedha ndogondogo, 40,000, lilirukwa wakati wa kuandaa urari.

e) Matengenezo ya pikipiki ya 180,000 yalipostiwa kwenye akaunti ya pikipiki yenyewe.

f) Mauzo ya mkopo ya 120,000 kwa mteja wa Somanda yaliandikwa kwenye akaunti ya mteja wa Nyakabindi mwenye jina kama lake.

g) Mwenye duka alichukua mbegu na viuatilifu vyenye gharama ya 50,000 kwa ajili ya shamba lake, na havikuandikwa popote.

Kabla hujaandika debiti wala krediti yoyote, pita orodha nzima na kalamu ya risasi. Mbele ya kila kosa andika "ndiyo" au "hapana" kujibu swali moja: je, debiti na krediti zilizoandikwa zilitofautiana? Ikiwa ndiyo, saspensi itahusika. Ikiwa hapana, saspensi haigusi kosa hilo hata kidogo.

Kosa (a) ni ndiyo: wateja walidebitiwa kamili, mauzo yakakreditiwa pungufu. Kosa (b) ni ndiyo: fedha ilitoka 450,000, kodi ikapokea 540,000. Kosa (c) ni ndiyo: krediti mbili, hakuna debiti. Kosa (d) ni ndiyo, kwa sababu salio la debiti halikufika kwenye urari.

Kosa (e) ni hapana. Debiti ya 180,000 ipo, ila imekaa kwenye mali badala ya gharama. Hilo ni kosa la kanuni. Kosa (f) ni hapana, maana mdaiwa mmoja amebeba deni la mwenzake na jumla ya wadaiwa ni ileile. Kosa (g) ni hapana, kwa kuwa kisichoandikwa pande zote mbili hakiwezi kuzitofautisha.

Watahiniwa wengi huharibu hapa. Wakishasoma neno saspensi kwenye swali, wanaipeleka kila mahali, hata kwenye (e) na (g). Matokeo yake akaunti haifungi, na wanapoteza muda wakitafuta kosa kwenye hesabu ilhali kosa liko kwenye kuainisha. Watunga maswali huchanganya makundi haya mawili kwa makusudi ili waone kama umeelewa urari unapima nini.

5. Safu tatu: kilichofanyika, kilichotakiwa, kinachosahihisha

Kwa kila kosa lililojibiwa ndiyo, ninachora safu tatu kwenye karatasi ya kazi. Safu ya kwanza inasema kilichofanyika, ya pili kilichotakiwa kufanyika, na ya tatu inatokana na mbili za kwanza: ni ingizo la kutoka pale tulipo hadi pale tulipotakiwa kuwa. Ingizo lenyewe likibaki na upande mmoja tu, upande wa pili ni saspensi.

*Kosa (a).* Kilichofanyika: wadaiwa debiti kiasi kamili, mauzo krediti pungufu kwa 100,000. Kilichotakiwa: krediti ya mauzo iwe kubwa zaidi kwa 100,000. Wadaiwa hawana tatizo, usiwaguse. Kwa hiyo:

Debiti Saspensi 100,000
Krediti Mauzo 100,000

*Kosa (b).* Kilichofanyika: kodi debiti 540,000, benki krediti 450,000. Kilichotakiwa: kodi debiti 450,000. Kodi imezidi kwa 90,000, na kinachopunguza debiti ni krediti:

Debiti Saspensi 90,000
Krediti Kodi ya pango 90,000

*Kosa (c).* Hili ndilo linalohitaji utulivu. Kilichofanyika: usafirishaji krediti 85,000. Kilichotakiwa: usafirishaji debiti 85,000. Ukiweka debiti ya 85,000, umefuta tu ile krediti isiyostahili. Akaunti inarudi sifuri kwa ingizo hilo, na gharama yenyewe bado haijaandikwa. Unahitaji 85,000 nyingine kuiandika. Jumla ni 170,000:

Debiti Usafirishaji 170,000
Krediti Saspensi 170,000

Mwanafunzi akiniuliza kwa nini kiasi kimekuwa mara mbili, simpi kanuni ya kukariri. Namwambia achore akaunti ya herufi T, aweke ile 85,000 krediti, kisha ajaribu kufikia salio la debiti la 85,000. Mkono wake wenyewe utaandika 170,000.

*Kosa (d).* Akaunti ya fedha ndogondogo ni sahihi kwenye leja. Kilichokosewa ni urari kutoipokea. Salio hilo likiingizwa kwenye urari, upande wa debiti unaongezeka kwa 40,000, na saspensi inaondolewa kiasi hicho:

Debiti Fedha ndogondogo (kwenye urari) 40,000
Krediti Saspensi 40,000

Tofauti ya (d) na makosa matatu ya mwanzo ni muhimu. Katika (a) hadi (c), leja yenyewe inabadilika. Katika (d), leja haibadiliki, maana salio lilikuwemo tangu mwanzo. Ukiandika debiti mpya ndani ya leja, fedha ndogondogo zitasomeka 80,000, na siku ya kuhesabu kisanduku utakuta nusu yake tu.

Sasa funga akaunti ya saspensi. Upande wa debiti kuna 20,000 ya kufungulia, 100,000 ya mauzo na 90,000 ya kodi, jumla 210,000. Upande wa krediti kuna 170,000 ya usafirishaji na 40,000 ya fedha ndogondogo, jumla 210,000. Imefunga.

Ikiwa kwako haikufunga, usibadilishe namba ili ifunge. Angalia mambo matatu kwa mpangilio: salio la kufungulia lipo upande gani, kuna kosa la kundi la pili lililoingizwa kwa bahati mbaya, na je, kosa la upande wa kinyume limezidishwa mara mbili. Karibu kila mara jibu limo humo.

Kuna swali jingine ambalo huja bila kutoa salio la kufungulia. Hapo hakuna cha kutafuta nje ya swali lenyewe: fanya masahihisho yote, na kinachohitajika ili akaunti ifunge ndicho salio la kufungulia. Kwetu, masahihisho yanaleta debiti 190,000 na krediti 210,000, kwa hiyo salio la mwanzo lazima liwe debiti 20,000.

6. Saspensi kufunga si mwisho wa kazi

Furaha ya kuona pande mbili zimelingana huwafanya wengi waweke kalamu chini. Lakini makosa (e), (f) na (g) bado yamo vitabuni, na saspensi iliyofungwa haitoi ushahidi wowote juu yake. Yanasahihishwa kwa maingizo ya kawaida yenye akaunti mbili halisi:

Debiti Matengenezo 180,000; Krediti Pikipiki 180,000.

Debiti Mteja wa Somanda 120,000; Krediti Mteja wa Nyakabindi 120,000.

Debiti Matumizi binafsi 50,000. Krediti Manunuzi 50,000.

Ya mwisho inahitaji neno moja. Mwenye duka akichukua bidhaa kwa matumizi yake, hajauziwa, kwa hiyo mauzo hayaguswi. Kilichopungua ni bidhaa zilizonunuliwa kwa ajili ya biashara, na zinaondolewa kwa gharama, si kwa bei ya kuuzia.

Kwenye mtihani, kila ingizo la jarida linahitaji maelezo mafupi chini yake, mstari mmoja unaosema linasahihisha nini. Mwalimu wetu wa jioni alikuwa mkali juu ya hilo, na alikuwa sahihi: mtu atakayefungua jarida baada ya mwaka anahitaji kujua kwa nini 170,000 iliingia kwenye usafirishaji bila risiti ya kiasi hicho.

Baada ya yote, urari uliosahihishwa unaonekana hivi:

| Akaunti | Debiti | Krediti |
|---|---|---|
| Pikipiki ya mizigo | 3,000,000 | |
| Benki | 2,460,000 | |
| Fedha ndogondogo | 40,000 | |
| Wadaiwa | 1,900,000 | |
| Manunuzi | 14,150,000 | |
| Kodi ya pango | 450,000 | |
| Mishahara | 1,800,000 | |
| Usafirishaji | 785,000 | |
| Matengenezo | 180,000 | |
| Matumizi binafsi | 650,000 | |
| Mauzo | | 18,500,000 |
| Wadai | | 2,150,000 |
| Mtaji | | 4,765,000 |
| Jumla | 25,415,000 | 25,415,000 |

Sehemu ya mwisho ya swali kwa kawaida huuliza faida. Tuseme bidhaa zilizobaki tarehe 30 Juni zilithaminiwa 1,000,000, na faida iliyokokotolewa kwa salio za awali ilikuwa 2,245,000. Pitia makosa yote saba ukiuliza: je, kosa hili liligusa mapato au gharama? Mauzo yanaongeza 100,000. Kodi iliyozidi ikipungua, inaongeza 90,000. Bidhaa alizochukua mwenye duka zikitoka kwenye manunuzi, zinaongeza 50,000. Usafirishaji unapunguza 170,000 na matengenezo yanapunguza 180,000. Fedha ndogondogo na wateja wawili hawahusiki, kwa sababu zote ni mali. Nyongeza ni 240,000, punguzo ni 350,000, kwa hiyo faida inashuka kwa 110,000 na kuwa 2,135,000.

Angalia kosa (e) hapa. Halikuigusa saspensi kabisa, lakini ndilo lililoharibu faida kuliko jingine lolote. Kosa (d) liliigusa saspensi na halikugusa faida hata senti. Maswali haya mawili, la urari na la faida, hayategemeani. Anayedhani kila kilichopita kwenye saspensi hubadilisha faida, au kwamba kisichopita hakiibadilishi, atakosa yote mawili.

7. Dukani, saspensi hukaa kwa sababu nyingine

Vitabu vya siku hizi vikitunzwa kwenye programu ya kompyuta, programu hukataa ingizo ambalo debiti na krediti hazilingani. Kwa hiyo makosa kama (a) hadi (d) hayapiti kwa urahisi. Makosa ya (e) hadi (g) hupita kama kawaida, kwa sababu kompyuta nayo inapima kilekile kinachopimwa na urari.

Akaunti ya saspensi imebaki kazini kwa jambo jingine: fedha iliyopokelewa ambayo haijulikani ni ya nani. Msimu wa pamba ukichanganya, mkulima hulipa deni lake kwa lipa namba akitumia simu ya mwanawe au ya jirani. Fedha imeingia, jina lililotokea kwenye ujumbe halimo kwenye orodha ya wadaiwa. Huwezi kuacha kuiandika, na huwezi kubahatisha mteja. Unadebiti akaunti ya fedha ya simu na kukrediti saspensi. Mkulima akifika na ujumbe wake, unadebiti saspensi na kukrediti akaunti yake. Hapa ingizo la kwanza lina pande zote mbili, tofauti na lile la kujaza pengo la urari.

Kila salio linalobaki humo lazima liwe na orodha yake: tarehe, kiasi, namba ya muamala na hatua iliyochukuliwa. Mkaguzi, awe wa COASCO kwenye vitabu vya AMCOS au wa kampuni binafsi kwenye duka, atakapoona saspensi yenye salio ataomba orodha hiyo kabla ya kitu kingine. Saspensi isiyo na orodha ni mahali ambapo malipo ya mkulima yanaweza kukaa huku akiendelea kudaiwa.

Wewe unayejiandaa na mtihani, chukua mfano huu, geuza namba zake, ondoa salio la kufungulia, kisha uufanye tena bila kutazama. Anza na kalamu ya risasi na yale majibu ya ndiyo na hapana kabla ya kugusa debiti yoyote. Ukiainisha makosa yote saba sawasawa, maingizo yatafuata. Ukikosea kuainisha hata moja, salio la kufungulia utakalopata halitalingana na tofauti ya urari, na likilingana, litakuwa limelingana kwa bahati.